Mdogo wangu amejifungua juzi, na ujumbe wake wa usiku haushikani

Shikamoo mama mshauri,

Mdogo wangu amejifungua mtoto wake wa kwanza wiki iliyopita. Yeye yuko Tanga kwa wakwe zake, mimi niko Dodoma kikazi. Mama yetu ni marehemu, kwa hiyo arobaini anaikalia ukweni, na mama mkwe wake ndiye anayemkanda na kumpikia. Uzazi wenyewe ulikwenda salama.

Kwa siku chache sasa ananitumia ujumbe wa wasapu usiku wa manane ambao siuelewi. Nakunakilia wa jana kama ulivyo:

Saa 8:47: "dada yale maji"
Saa 8:47: "si yale"
Saa 8:49: "hela ya mama rudisheni kabla hajaamka"
Saa 8:52: "nimemhesabu vidole"
Saa 8:53: "wanasikia ukutani usipige"
Saa 9:10: "samahani samahani samahani"

Asubuhi akaandika: "Asalaam alaykum dada, sisi hatujambo, mtoto kanyonya vizuri." Nikampigia, akazungumza vizuri, ila harakaharaka. Akaniomba nisimwambie mtu kuwa huwa ananiandikia usiku.

Nilimuuliza shemeji kwa kuzungukazunguka kama mdogo wangu analala. Akacheka, akasema mzazi gani analala, na kwamba mama yake yupo, nisiwe na wasiwasi. Shangazi yetu anasema ni jini la uzazi, kwa sababu hata mama alipomzaa huyuhuyu mdogo wangu "akili ilimtoka kidogo", akapelekwa Kilindi kwa bibi miezi kadhaa mpaka akapona.

Kuna jingine. Mwaka huu mimi na mdogo wangu tuligombana kuhusu mirathi ya mama. Nikisoma "hela ya mama rudisheni" naona ananisema.

Nikimwambia shemeji, nimevunja siri, na naogopa ataitwa kichaa ukweni na kuachwa. Nikinyamaza, silali. Au ninayatia maana maneno yasiyo na maana?

Dada mkubwa, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Siku barua yako ilipofika nilikujibu kwa mistari michache, kwa kuwa mambo ya mzazi hayasubiri zamu ya gazeti. Nilisema mtu mzima alale naye chumba kimoja, asiachwe peke yake na mtoto, na apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Hayo nayasimamia mpaka sasa. Leo nachukua yaliyobaki: namna ya kuusoma ujumbe wenyewe, na nani aambiwe nini.

Nianze na swali lako la mwisho. Ujumbe huweza kukatikakatika kwa sababu za kawaida kabisa. Mzazi ameshika simu kwa mkono mmoja, mtoto yuko kwenye ziwa, macho yanafumba, na simu yenyewe inamchagulia maneno. Lakini uchovu una namna yake ya kukosea. Aliyechoka hukosea herufi, huruka neno, huishia katikati, na ukimuuliza "unasema nini?" anarudi palepale alipokuwa. Sasa utazame wa mdogo wako. Herufi zimenyooka. "Nimemhesabu vidole" imeandikwa safi, hata ile "m" ya mtoto ipo mahali pake. Kilichokatika ni kiungo cha jambo na jambo. Na ukiyaweka mambo hayo pamoja, mengi yanaelekea upande mmoja: maji si yale, vidole vinahesabiwa, kuna wanaosikiliza ukutani. Ndivyo anavyoandika mtu anayeona vitu vimemgeukia, na pengine hana hakika kama mtoto aliyempakata ni wake. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Nasema hakuna sababu ya kuyapuuza, na hujayatia maana ambayo hayana.

Ile asubuhi yenye salamu nzuri isikutulize sana. Watu wa nyumbani hushindwa kuelewana kwa sababu hiyo: mmoja kamwona saa tisa usiku, mwingine kamwona saa mbili asubuhi akila uji, na kila mmoja anasema ukweli. Hali ninayoihofia hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Wengine huwa wanajua kabisa kwamba wanayoyawaza yatawashtua watu, kwa hiyo mchana wanajikaza. Ombi lake kwamba usimwambie mtu huenda linatoka hapo.

Na hela ya mama? Mtu akitajiwa jambo linalomuuma, halisikii tena jambo lingine. Mimi nakuomba uitazame sentensi ile bila ugomvi wenu. "Rudisheni" ni wingi, hasemi "rudisha". Na "kabla hajaamka" ni nani, mtoto au marehemu? Akili iliyovurugika huokota vitu vilivyo karibu, na ugomvi wa mirathi uko karibu kwa nyinyi wawili. Inawezekana kuna kisasi kidogo ndani yake, sikatai, lakini hilo ni la kuzungumza miezi ijayo, mtoto akiwa anakaa. Usiku wa kujibu ujumbe huo si usiku wa kujitetea.

Shemeji yako hajakosea anaposema wazazi hawalali. Zaidi ya nusu ya wanawake hupata majonzi ya siku za mwanzo: siku ya tatu mpaka ya tano analia bila sababu, anakasirikia chai iliyopoa, kisha kufikia wiki ya pili yanakwisha yenyewe. Ipo pia sonona ya baada ya kujifungua, ambayo huingia taratibu kwa wiki kadhaa na kumwacha mtu mzito, asiye na hamu ya chochote. Zote mbili kwa kawaida hazileti sauti za ukutani. Kinacholeta hayo ni kile ambacho mitaani huitwa kichaa cha uzazi na hospitali hukiita saikosisi. Hakitokei sana, ni mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza, ghafla, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuumwa akili. Kwa usingizi, uliza hivi: mtoto akilala na kuna mtu wa kumshika, yeye analala? Mzazi aliyechoka huanguka kama mzigo. Huyu mwingine anakaa macho, anapanga nguo, anazungumza mbio, na anasema hahitaji kulala.

Lakini usimpeleke ukiwa umeshaamua kwamba ni akili. Mwili wa mzazi unaweza kuivuruga akili vilevile, na mengine kati ya hayo huua haraka zaidi. Homa ya uzazi, yaani maambukizi ya kizazi, huanza na joto la 38 na kuendelea, tumbo la chini kuuma, na damu ya uzazi kutoa harufu mbaya, kisha mtu akaanza kuweweseka. Kifafa cha mimba nacho hakimaliziki kwa kujifungua. Kinaweza kuja baada ya mtoto kutoka, na kinatanguliwa na kichwa kinachouma sana, macho kuona vimulimuli au ukungu, na presha ya 140 kwa 90 au zaidi. Malaria kali inachanganya akili, na upungufu mkubwa wa damu humwacha mtu amezubaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi unachoweza kukitofautisha ukiwa Dodoma kwa kusoma simu. Kinachohitajika ni kipimo cha presha, kipimajoto, damu na mkojo. Hata ile kauli ya "jini" usiibishie kwanza. Waambie tu kwamba dua iendelee, na presha ipimwe.

Ukipata ujumbe mwingine leo usiku, usimwambie aandike vizuri, wala usimtumie alama za kuuliza tano. Anayejaribu kukufikia kwa vipande, ukimrudishia vipande vyake umsahihishie, mara nyingi ananyamaza. Jibu kile unachokielewa, na hapo unachokielewa ni hofu. "Naona umeogopa. Niko macho. Niko nawe." Kisha uliza kitu kimoja, kifupi, kinachojibika kwa neno moja: "Mtoto yuko wapi sasa hivi?" Subiri. "Nani yuko chumbani?" Subiri tena. Maswali hayo yanafanya kazi mbili. Yanakupa habari unayoihitaji kwa usalama, na yanakuonyesha kama anaweza kushika swali na kulijibu. Ukiuliza mtoto yuko wapi akakujibu habari za ukuta, umepata jibu.

Alisema usipige. Hapo mimi ningeandika kwanza: "Nataka kusikia sauti yako, naweza kupiga?" Akikataa, mtumie sauti yako iliyorekodiwa, fupi na ya taratibu. Akikubali, sikiliza zaidi ya maneno: kasi, kukatiza sentensi kugeukia mtu ambaye hayupo, kicheko kisichoendana na neno. Akikuambia maji yamebadilishwa, usimkatalie na usimkubalie. "Mimi sijayaona hayo, lakini naamini yanakutisha." Ukimbishia, unakuwa mmoja wa walio ukutani. Ukimkubalia, umempa shahidi.

Kuna swali ambalo najua ulimi wako utalikwepa. Zile samahani tatu zinalihitaji. Muulize waziwazi kama amewaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto, au kama kuna sauti inayomwagiza afanye kitu. Watu huogopa kwamba ukilitaja utalitia kichwani. Sivyo. Kuuliza hakupandi wazo, na wengi hupata nafuu kwamba hatimaye mtu amelisema. Uliza kwa sauti ileile ambayo ungeulizia maziwa. Akisema ndiyo, au akijibu kwa kuzunguka, au akisema mtoto si wake na inabidi "arudishwe", hakuna kusubiri asubuhi. Unampigia shemeji muda huohuo, hata ukimwamsha. Vivyo hivyo kwa degedege, homa, kichwa kikali chenye kuona vibaya, au damu inayotoka kwa wingi.

Sasa siri. Ulipewa siri na mdogo wako, ndiyo, ila nadhani umechukua pamoja nayo jambo ambalo hukuombwa: kuwa mlinzi pekee wa mtu aliye safari ya siku nzima kwa basi. Fikiria kuigawa siri badala ya kuivunja. Kinachotakiwa kutoka nje ni kidogo: halali, amebadilika ghafla, anasema mambo yasiyoshikana usiku, anaogopa. Hela ya mama haimhusu mtu ukweni, wala maneno yake yote hayahitaji kupita mkono kwa mkono. Na yeye unaweza kumwambia ukweli mapema: "Nitamwomba mumeo akupeleke ukapimwe, kwa sababu nimeogopa. Mengine uliyoniandikia yanabaki kwangu."

Kwa nani? Shemeji yuko karibu, ana usafiri, na ndiye ambaye hospitali itamsikiliza. Hatari yake ni kwamba anaweza kuona aibu, akachukua simu ya mkewe ili "apumzike", na wewe ukapoteza njia pekee uliyonayo. Kwa hiyo usianze na neno kichaa. Anza na mwili, kwa sababu huo hauna aibu: "Shemeji, mzazi aliyebadilika hivi anaweza kuwa na presha au homa ya uzazi. Naomba apimwe leo. Na simu muachie, mimi ndiye anayenitafuta akikosa usingizi." Mama mkwe ana jicho kuliko nyinyi wote, maana ndiye anayemkanda na kumwona bila nguo. Muulize yeye kuhusu harufu, joto na usingizi. Atakupa majibu ambayo mwanawe hayajui. Upande wa pili, naye ndiye anayeweza kuamua apelekwe kwa mganga kwanza, na siku tatu za kufukizwa ndani ya chumba kilichofungwa ni siku tatu za kukosa usingizi na matibabu. Usimdharau. Mpe heshima ya kumwomba aandamane naye hospitali, na hapo una mshirika. Kama kuna wifi wa rika lenu mnayeelewana, huyo ndiye ningempa kazi ya kulala naye. Asimnyang'anye mtoto. Akae karibu, ampe anyonyeshe, kisha amshike yeye.

Njia ya tatu ni wewe kupanda basi. Ukiona mioyo ya ukweni imefunga, nenda, na sema umekwenda kumwona mtoto. Ugumu wake ni muda, na ndiyo maana safari isichukue nafasi ya simu ya leo.

Hofu yako ya talaka si ya kubuni, nimeona ndoa zilizovunjika kwa jambo hili. Ila nilizoziona zilivunjika zaidi pale hali ilipoachwa ikafika mahali majirani wamekusanyika. Mwanamke aliyepelekwa mapema akarudi nyumbani na dawa zake hana hadithi kubwa ya kusimuliwa. Hata hivyo wewe ndiye unayemjua shemeji yako, mimi namjua kwa sentensi moja tu uliyomnukuu, na ilikuwa ya mtu anayecheka kwa wema.

Wakifika hospitali, sentensi ya kwanza mlangoni ni muhimu kuliko nyingine zote. Wakisema "haelewi vizuri", watakaa benchi. Waseme: "Amejifungua wiki iliyopita, amebadilika ghafla, halali hata mtoto akilala, anasikia watu." Waende na kadi ya kliniki, na wasikubali kurudishwa nyumbani kabla presha na joto havijapimwa. Mwili ukionekana salama, waombe waonwe na kitengo cha afya ya akili, ambacho hospitali za rufaa za mikoa huwa nacho. Huenda akalazwa. Matibabu yenyewe ni dawa za kutuliza na kurudisha usingizi, kwa wiki na pengine miezi, na wengi sana hupona kabisa. Nyingine zinaendana na kunyonyesha, nyingine, kama lithiamu, madaktari wengi huziepuka kwa anayenyonyesha. Waulize kabla ya kumwachisha mtoto au kuacha dawa.

Na hapa kuna kitu ambacho wewe peke yako unacho. Habari ya mama na Kilindi. Umeiandika kama hoja ya shangazi kuhusu jini, lakini daktari akiisikia atainua kichwa, kwa sababu ugonjwa huu hufuata ukoo, mama kwa binti, dada kwa dada. Mpigie shangazi leo, umuulize bila kubishana: ilianza siku ngapi baada ya kujifungua, alikuwa analala, ilirudi katika uzazi mwingine, iliwahi kumshika hata nje ya uzazi? Andika anayosema na umtumie shemeji ampe daktari. Mdogo wako akija kubeba mimba nyingine, habari hiyohiyo, pamoja na hii ya sasa, ni ya kutajwa kliniki siku ya kwanza, maana uwezekano wa kurudi ni mkubwa na unaweza kuandaliwa kabla. Na wewe pia ukija kuzaa, iseme.

Anaweza kukukasirikia. Wengine hukasirika wiki kadhaa, wakiwa bado wanaumwa, kisha wanashukuru. Wengine hawakumbuki usiku ule hata kidogo. Wapo pia wanaokumbuka kila neno na wanaona aibu inayozidi ugonjwa. Kwa hiyo ule ujumbe uhifadhi na saa zake, piga picha ya skrini, daktari auone, kwa sababu saa na mpangilio vinamwambia mengi. Baada ya hapo usiupeleke kokote, wala usimsomee yeye akipona, hata kwa utani, mpaka siku atakapokuuliza mwenyewe kama unao.